Marobota Kumi ya Magunia: Kumwandaa Kinara wa Mfumo Kabla Washauri Hawajaondoka

Septemba hapa Mtwara ni mwezi wa magunia. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, kwa hiyo kila ghala na kila kiwanda cha kubangua hukimbilia kujaza stoo mapema. Kiwanda kimoja tulichoitwa kusaidia kilikuwa kimeanza kutumia mfumo wa ERP, ule unaounganisha manunuzi, stoo na uhasibu mahali pamoja. Washauri waliofunga mfumo walirudi Dar es Salaam mwishoni mwa Agosti. Wiki ya tatu baada ya kuondoka kwao, mambo yalikwama, na chanzo kilikuwa namba moja tu.

Oda ya manunuzi, ambayo wengi wetu tunaiita LPO, ilisema magunia 3,000 kwa shilingi 4,000 kila moja, jumla milioni 12. Mzigo ulifika ukiwa marobota 10, kila robota magunia 300. Mtunza stoo alihesabu, akafungua oda kwenye kompyuta, na kwenye nafasi ya idadi iliyopokelewa akaandika 10.

Nilipomuuliza, "Mama, ulipokea ngapi?" alinipeleka hadi kwenye mzigo wenyewe. "Kumi, mwanangu. Hayo hapo, hesabu." Hakuwa amekosea kuhesabu. Mfumo ndio uliokuwa unahesabu gunia mojamoja, naye hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa mfumo, stoo sasa ilikuwa na magunia 10 yenye thamani ya shilingi 40,000. Ankara ya msambazaji ilipofika uhasibuni ikidai magunia 3,000, mfumo ukakataa, na ulikuwa na haki ya kukataa. Kabla ya kukubali deni hulinganisha vitu vitatu: oda, hati ya kupokelea mzigo, na ankara. Mbili zilisema 3,000, moja ikasema 10. Karani wa uhasibu, msambazaji akiwa anapiga simu kila saa, akatafuta njia ya pembeni. Aliingiza ankara moja kwa moja kwenye akaunti ya matumizi bila kuiunganisha na oda.

Deni likaonekana, simu zikanyamaza. Nyuma yake oda ilibaki wazi ikisubiri magunia 2,990, shilingi 40,000 zikaganda kwenye akaunti ya mpito ya mizigo iliyopokelewa bila ankara, na milioni 12 zikahesabiwa kuwa zimeshatumika ilhali magunia yalikuwa yamelala stoo. Stoo ilipotaka kutoa magunia 500, mfumo ukajibu kuwa yapo 10. Wakarudi kwenye daftari.

Kosa la aina hii halimhitaji fundi wa kompyuta. Linamhitaji mtu wa idara mwenye uwezo wa kuifuata karatasi kutoka getini hadi kwenye malipo. Huyo ndiye ninayemwita kinara wa mfumo. Kwa bahati msambazaji alikuwa hajalipwa. Angelipwa, malipo nayo yangepaswa kutenganishwa kwanza na ile ankara. Tulikaa na mtunza stoo pamoja na dada mmoja wa uhasibu, wao wakishika kompyuta. Stoo ilirudisha nyuma ile hati ya 10, si kuifuta, maana kumbukumbu ya kosa lazima ibaki kwa ajili ya mkaguzi. Kisha ikapokea upya 3,000. Uhasibu ukabatilisha ankara ya njia ya pembeni na kuiingiza tena, safari hii juu ya oda. Halafu tukafungua akaunti ya mpito na kutazama mstari wa oda ile. Sifuri. Sifuri hiyo ndiyo inayoonyesha kuwa kosa limekwisha. Ujumbe wa kijani kwenye skrini hautoshi.

Ikabaki mizizi. Mifumo mingi hairuhusu kubadili kipimo cha msingi cha bidhaa ikishakuwa na miamala, kwa hiyo gunia lilibaki gunia. Kilichoongezwa ni kipimo cha kununulia: robota 1 ni sawa na magunia 300. Mtunza stoo mwenyewe ndiye aliyetutahadharisha kwamba wasambazaji wengine huleta marobota yenye idadi tofauti. Kwa hao, uwiano wa kudumu ungezaa kosa jipya, na dawa yake ni kufungua robota na kuhesabu. Mshauri wa Dar asingelijua hilo.

Washauri walikuwa wamefundisha, tena siku mbili nzima. Lakini walifundisha kwa viti na kompyuta, bidhaa zinazohesabika moja moja, na kila zoezi lilikwenda vizuri hadi mwisho. Ndiyo maana tunashauri mafunzo ya vinara yafanyike kwenye mfumo wa majaribio wenye bidhaa zenu wenyewe: magunia, korosho ghafi kwa kilo, dizeli kwa lita, vipuri. Zaidi ya hapo, yafanyike kwa kuharibu makusudi. Pokea pungufu. Pokea kwenye oda isiyo yake. Gundua kosa la mwezi uliopita wakati hesabu za mwezi huo zimeshafungwa, uone sahihisho linaangukia mwezi upi. Mwezi wa mwisho wa mkataba, mshauri akae kiti cha nyuma asiguse kompyuta, na maswali yote ya idara yaanzie kwa kinara. Swali linalomshinda liandikwe kwenye daftari kwa maneno yaleyale yanayosomeka kwenye skrini, pamoja na chanzo na tiba yake ikipatikana. Daftari hilo lina thamani kuliko kitabu kinene cha maelekezo ambacho hakuna anayekifungua.

Kuhusu nani achaguliwe, ofisi nyingi humteua mkuu wa idara kwa heshima, au kijana mgeni kwa kuwa anachapa haraka. Mkuu hana nafasi, na kijana bado hajaijua kazi. Tafuta yule ambaye wenzake humwendea hata sasa wakikwama. Wawe wawili kila idara, kwa sababu kuna likizo, uzazi na uhamisho. Kazi hiyo iandikwe kwenye majukumu yao na ipewe muda wake, hasa siku za kufunga mwezi. Na wasipewe funguo zote. Kinara wa stoo aweze kurudisha nyuma hati za stoo, lakini asiweze kuidhinisha malipo. Mtu mmoja anayepokea mzigo na kuulipia ni mlango wa wizi, hata akiwa mwaminifu.

Sisi wa kusini tunajua maana ya kumtegemea mtu wa mbali. Mei 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika kwa mvua na Kimbunga Hidaya, na katika mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikadhoofisha intaneti. Mshauri asingefika kwa gari, wala kuingia kwenye mfumo kwa mbali bila taabu.

Ukitaka kujua kama vinara wako wanafanya kazi, omba orodha ya akaunti ya mpito kila mwisho wa mwezi na utazame mistari iliyokaa zaidi ya siku 30. Kila mstari uwe na mtu anayeweza kukueleza sababu yake. Tazama pia kama stoo imefufua faili la Excel la pembeni, na kama nywila ya kinara inatumiwa na idara nzima.

Kiwanda kile kilipokea magunia tena Oktoba. Mtunza stoo aliandika marobota 6, mfumo ukaonyesha magunia 1,800. Hata hivyo alifungua robota moja na kuhesabu, huku kijana wa zamu akimwangalia na kuandika.