Je, wajua? Kitendawili cha posti tatu kabla ya krimu mpya kutoka

"Mbona watu wa vipodozi huweka posti tatu za kutuchokoza kabla bidhaa haijatoka, wasiitangaze tu siku inapofika?"

Kwa sababu ni wachache wanaonunua kitu cha kupaka mwilini siku ileile wanayokiona kwa mara ya kwanza. Kabla ya kutoa pesa, mtu huwa na maswali matatu, na huyauliza kwa mpangilio. Je, hii shida ni yangu? Je, kitu chenyewe kinafanya kazi? Kisha, ni bei gani na nakipata wapi? Ukimwaga majibu yote kwa siku moja, macho yake yatakimbilia bei kabla hajajua anauziwa dawa ya shida gani, na bei ya namna hiyo huonekana ghali hata ikiwa shilingi mia mbili. Posti tatu humjibu swali mojamoja, na kila jibu humwachia hamu ya lile linalofuata.

Tuliokua tukitegeana vitendawili tunalijua jambo hili tangu utotoni. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!", naye anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Hapo kila mtu anaanza kukuna kichwa. Nyumba anaijua, mlango anaujua, kinachomkosa ni kidogo tu. Wakishindwa wanampa mji, naye anawaambia ni yai. Mwaka 1994 msomi Mmarekani George Loewenstein aliueleza udadisi kwa njia inayofanana sana na hiyo: hamu ya kujua huzuka mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua lolote halioni pengo, kwa hiyo hatamani kulijaza.

Sasa chukua ile posti tunayoiona kila wiki: picha nyeusi na maneno "Kitu kikubwa kinakuja." Huyo amesema "Kitendawili!", sisi tumeitikia "Tega!", naye amejiondokea. Hajatega chochote.

Binamu yangu anayeuza vipodozi pale Donholm alianza hivyohivyo. Mara ya kwanza alifunika makopo kwa kitambaa, akapiga picha, akaandika "Kaeni macho." Watu walimwandikia "hongera" na kumrushia vialama vya moto. Nilizipitia zile jumbe pamoja naye jioni ile, na hapakuwa na hata moja iliyouliza swali. Hiyo ndiyo ishara ya kuangalia. Pongezi zinamhusu muuzaji, ilhali swali linaihusu ngozi ya anayeuliza, na huyo ndiye mnunuzi.

Mara ya pili tulikaa tukapanga. Alikuwa na bidhaa tatu za kutoa kwa pamoja: krimu ya mwili ya siagi ya shea, mafuta ya uso, na sabuni ya kuogea. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutozichokoza zote. Bidhaa tatu ndani ya posti tatu humwacha mtu bila kujua ni shida gani inayozungumziwa. Tukachagua krimu peke yake, kwa kuwa ilikuwa Julai. Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu, watu wanaoga maji moto sana, na maji moto pamoja na sabuni huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Mpauko unaonekana kwa macho, wala hauhitaji kuelezwa kitaalamu. Mafuta ya uso na sabuni vingejitokeza siku ya uzinduzi, vikiwa vimekaa kando ya krimu.

Posti ya kwanza ilitoka Ijumaa tarehe 25 Julai. Haikuwa na kopo wala jina la bidhaa. Ilikuwa picha ya mguu, karibu kabisa, chini ya goti, ukiwa na mstari mweupe uliochorwa kwa ukucha. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa anaujua mstari huo. Tulikuwa tukiandikiana majina miguuni. Chini yake aliandika: "Umeoga saa kumi na mbili. Saa nne mguu ushakuwa hivi. Wewe hupaka nini?" Basi.

Majibu yalikuja ya aina nyingine kabisa. Mmoja alisema anapaka mafuta ya mgando lakini kufikia mchana ni kama hakupaka. Mwingine alisema magoti ya mtoto wake yanapasuka kila msimu wa baridi. Hakuna aliyesema hongera, kwa sababu hapakuwa na cha kumpongezea. Binamu aliwajibu wote bila kutaja kwamba ana krimu, kisha kila aliyezungumzia ngozi yake akamwekea lebo kwenye WhatsApp Business ili asimpoteze kati ya mazungumzo mengine. Hiyo lebo, kwa maoni yangu, ndiyo mavuno halisi ya posti ya kwanza.

Posti ya pili, Jumanne tarehe 29, ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo wengi huiharibu. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kitu kinafanya kazi, bila bado kukiuza. Alirekodi video fupi dirishani, kwa mwanga wa asubuhi, bila kichujio. Kidole kinachota krimu ngumu ya rangi ya maziwa, kinaiweka nyuma ya kiganja, nayo inaanza kulegea kwa joto la mwili mpaka ikawa mafuta. Halafu mguu uleule wa Ijumaa: nusu umepakwa, nusu haujapakwa, na ukucha unapita pande zote mbili. Upande mmoja mstari mweupe, upande wa pili hakuna. Sauti yake ikaeleza kwamba mafuta ya aina hii hufungia maji yaliyomo kwenye ngozi, kwa hiyo upake mara tu baada ya kujifuta, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukipaka ngozi ikishakauka, unafungia ukavu.

Angalia alichotoa hapo: maarifa ambayo mtu anaweza kuyatumia usiku uleule na mafuta yoyote aliyonayo nyumbani. Kuna anayeogopa kwamba kwa kufanya hivyo anawapa watu sababu ya kutonunua. Mimi naona kinyume. Aliyejaribu akaona tofauti ameshapata jibu la swali la pili kwa mikono yake mwenyewe. Mmoja aliuliza kama siagi hiyo hufanya chengachenga, kama aliyowahi kununua sokoni. Swali zuri sana. Chenga hutokea siagi ya shea ikiyeyuka kisha ikapoa polepole; ukiiyeyusha yote na kuipoza haraka hurudi laini. Alimjibu hadharani, na jibu hilo likavuta wengine kuliko video yenyewe.

Kishawishi cha posti ya pili ni kuahidi. "Inaondoa madoa kwa siku saba." "Inatibu ukurutu." Usiguse maneno hayo. Kipodozi kazi yake ni kusafisha, kulainisha na kupendezesha. Ukisema kinatibu ugonjwa umeingia upande wa dawa, ambao hapa Kenya uko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Ahadi ya uongo kwa mteja nayo imekatazwa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na kama unataka kutumia picha ya mguu wa mteja badala ya wako, mwombe ruhusa kwa maandishi.

Posti ya tatu ilitoka Alhamisi jioni, tarehe 31. Hapa kitendawili kimekwisha na jibu linatolewa lote. Kopo likaonekana kwa mara ya kwanza. Gramu 200, shilingi 650, makopo 60, kuanzia Ijumaa saa tatu asubuhi, malipo kwa M-Pesa, kuchukua Donholm au kutumiwa. Hakukuwa na "bei njoo inboksi." Mtu aliyengoja tangu Ijumaa ukimficha bei unamchosha, na wengi hawaji. Kwenye picha tuliacha ionekane alama ya ubora ya KEBS pamoja na namba ya kibali chini yake, na maelezo kwamba yeyote anaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023:

```
SM#namba ya kibali
```

Katika mji uliojaa krimu za kuchubua zenye zebaki na haidrokwinoni, mstari huo mmoja una nguvu kuliko sifa zozote unazoweza kujipa.

Kuhusu siku: mishahara mingi huingia mwisho wa mwezi, kwa hiyo uzinduzi uliangukia wakati watu wana pesa. Na kuhusu nafasi kati ya posti, jua kwamba stetasi ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, na kwa kawaida huonekana tu na watu mliohifadhiana namba. Wapo wanaokosa moja kabisa. Ndiyo maana kila posti lazima ieleweke peke yake, na ndiyo maana mbili za mwisho zilikaribiana. Ukiacha wiki mbili katikati, walioona mguu wa kwanza wameshausahau. Ukienda posti sita au saba, maswali ya mnunuzi yamekwisha na unachokoza tu, mpaka watu wanazima stetasi zako. Jambo lingine ni kwamba mfuatano huu huwapasha moto wanaokujua tayari. Kama waliohifadhi namba yako ni thelathini, utauzia miongoni mwa hao thelathini; wageni huletwa na njia nyingine.

Kosa lililomuuma binamu zaidi lilikuwa la ile mara ya kwanza. Alitaja tarehe kabla lebo za makopo hazijatoka kwa mchapishaji. Lebo zikachelewa, akaomba radhi, akasogeza siku, akasogeza tena. Waliokuwa na hamu hawakukasirika, walipoa tu, na aliyepoa hakuambii. Safari hii posti ya kwanza haikutoka mpaka makopo yote 60 yalipokuwa ndani ya nyumba, yamebandikwa lebo, yamepangwa chini ya meza.

Ijumaa asubuhi, kabla hajaweka chochote kwenye stetasi, aliwaandikia mmojammoja wale aliowawekea lebo kwenye WhatsApp, akianza kwa maneno waliyomwambia wenyewe. Mama wa mtoto mwenye magoti yaliyopasuka alijibu kabla ya saa tatu, akachukua makopo mawili, na akauliza kama ile sabuni iliyo kando ya krimu haiwashi.