Kabla ya kuandika "mzio wa penisilini" kwenye kadi ya mjamzito

Tuchukue mfano wa mama mjamzito wa Makorora, hapa Tanga. Mimba ina miezi mitano, kipimo cha kaswende kimeonyesha maambukizi, na juu ya kadi yake ya kliniki kuna maneno mekundu: "Mzio wa penisilini." Mhudumu akiyasoma hayo, mkono unasita. Anaitafuta dawa nyingine, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa mjamzito mwenye kaswende, dawa inayoaminika kumkinga mtoto aliye tumboni ni benzathini penisilini. Erithromaisini inaweza kumtibu mama, lakini haipiti vizuri kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mtoto anabaki na ugonjwa. Doksisaiklini haishauriwi katika ujauzito. Kaswende isiyotibiwa huweza kuua mtoto tumboni, au akazaliwa njiti, au akazaliwa nayo. Ndiyo maana sisi wafamasia huwa wakali kidogo kuhusu maneno yale mekundu: nani aliyaandika, na kwa sababu gani?

Jibu hupatikana kwa kuuliza. Mama, ilikuwaje hasa? Dalili zilianza muda gani baada ya kunywa dawa au kuchomwa sindano? Ulilazwa? Tangu wakati ule umewahi kutumia tena dawa ya jamii hiyo? Swali la mwisho hufichua mengi. Mama wetu anasimulia kwamba alipokuwa mdogo alipewa amoksilini ya maji, akatapika na kuharisha, na bibi yake akasema dawa hiyo haipatani naye. Mwaka juzi alipoumwa jino alinunua dukani "rangi mbili", akamaliza dozi bila tatizo. Ukimwonyesha kapsuli za amoksilini anazitambua. Basi amekwishatumia dawa ya jamii ya penisilini akiwa mtu mzima, na hakudhurika.

Kutapika na kuharisha ni maudhi ya dawa. Amoksilini huvuruga bakteria wa kawaida wa utumbo, na jambo hilo linaweza kumpata mtu yeyote bila kinga ya mwili kuhusika. Mzio ni kinga kuikosea dawa na kuishambulia kama adui. Ule wa haraka huanza dakika chache hadi saa 1 hivi baada ya dozi: mabaka yanayovimba na kuwasha, midomo au macho kuvimba, kifua kubana na kupiga miluzi, shinikizo la damu kushuka. Huo ni wa dharura, na sindano yake ni adrenalini kwenye paja. Kuna pia mzio unaochelewa kwa siku au wiki. Ukija na malengelenge, ngozi kuchubuka na vidonda mdomoni au machoni, dawa hiyo haijaribiwi tena maishani.

Katika nchi ambako watu wenye maandishi kama haya hupimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 huonekana wanaweza kutumia penisilini. Wengine hawakuwa na mzio tangu mwanzo. Wengine walikuwa nao ukaisha, kwani takriban 8 kati ya 10 wenye mzio wa haraka huupoteza baada ya miaka 10. Lakini asijipime mtu nyumbani. Uamuzi wa kufuta maandishi ni wa daktari, na kwa mjamzito mwenye mzio wa kweli kuna njia ya kumzoesha penisilini hospitalini, kwa dozi ndogo sana zinazoongezwa taratibu chini ya uangalizi.

Daktari akisharidhia, mama wetu anachomwa yuniti milioni 2.4 za benzathini penisilini. Kwa kuwa haijulikani aliambukizwa lini, atarudi kwa sindano ya pili na ya tatu, wiki kwa wiki, na mwenzake naye atibiwe. Usiku ule anapata homa, baridi na maumivu ya mwili. Hapa wengi huteleza! Homa hiyo hutokana na vijidudu vya kaswende kufa kwa wingi, huja ndani ya saa 24 na kuondoka yenyewe. Parasetamoli inamtuliza. Akihisi tumbo kukaza au mtoto kupunguza kucheza, aende hospitali mara moja. Homa hiyo haiwi sababu ya kukatisha sindano, na ikiandikwa "mzio" tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Kwenye kadi tunaandika hivi: "Amoksilini ya maji, utotoni: kutapika na kuharisha, si mzio. Ametumia tena amoksilini bila tatizo. Benzathini penisilini: homa usiku wa kwanza, imeisha, hakuna mabaka, hakuna uvimbe, kifua kizuri." Mwenye mzio wa kweli naye aandikiwe jina la dawa, dalili, muda ulipita kiasi gani kabla hazijaanza, mwaka, na alitibiwaje. Neno "mzio" likiwa peke yake halimwambii mhudumu wa zamu ya usiku kama alikuwa mtu wa kuharisha au wa kukata pumzi.