Gharama na hatari kwenye mizani ya sheria: mfano wa benchi la kupasulia mbao

Hoja ninayoisikia sana kwa wenye viwanda vya mbao kuanzia Mafinga hadi Makambako na Njombe ni hii: "Sheria yenyewe inasema kadiri inavyowezekana kwa busara, na mimi sina hela." Nusu ya kwanza ni kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, inatumia kipimo hicho kwenye wajibu wa mwajiri. Nusu ya pili haimo kwenye mizani kabisa. Upande mmoja wa mizani kuna hatari, upande wa pili kuna gharama, muda na usumbufu wa kuipunguza. Mfuko wa mwenye kiwanda haupimwi. Kama kinga fulani inastahili kwenye benchi la tajiri, inastahili pia kwenye benchi kama hilo la mtu aliyekopa mtaji.

Kipimo hiki kilipata umbo lake la leo katika kesi ya Edwards dhidi ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1949. Mchimbaji aliuawa na ukuta wa njia ya chini ya ardhi ulioporomoka mahali pasipo na nguzo. Jaji Asquith alieleza kwamba mwenye wajibu anatakiwa kufanya hesabu kabla ya ajali, na anaweza kuacha kinga iwapo tu gharama yake imepita mbali mno uzito wa hatari. Maneno "mbali mno" ndiyo yanayobeba kila kitu. Gharama ikizidi faida kidogo, bado unatakiwa kuitoa. Na anayepaswa kuonyesha kwamba imepita mbali mno ni mwenye mgodi, si mjane wa mchimbaji. Bodi ile ilishindwa kwa sababu haikuonyesha hesabu ya njia ile mahususi. Wahandisi huiita hali ya kufikia mpaka huo ALARP, yaani hatari iliyoshushwa kadiri inavyowezekana kwa busara, na kwa matumizi ya kawaida ni kitu kilekile.

Sasa tuuweke mpaka huo juu ya benchi la msumeno wa duara, lile linaloendeshwa kwa injini ya dizeli na mkanda. Msumeno una kipenyo cha milimita 900, opereta anasukuma, mwenzake anapokea mbao upande wa pili. Hatari mbaya kuliko zote hapa si ile ya kidole kugusa meno, ingawa ndiyo inayoonekana kwanza. Ni mbao kurushwa nyuma. Mti wa paini uliovunwa ukiwa mchanga huwa na mkazo ndani yake, kwa hiyo ukipasuliwa vipande viwili hujikunja na kuubana msumeno. Meno ya nyuma yanapanda juu, tofauti na ya mbele yanayoshuka. Yakibanwa huinua mbao na kuirudisha kwa kasi ya msumeno, moja kwa moja kwenye tumbo au kifua cha opereta.

Kinga yake ni kisu cha chuma kinachofungwa nyuma ya msumeno ili kuweka njia ya mkato wazi. Vipimo vyake vimekubalika miaka mingi. Kiwe kinene kuliko bamba la msumeno lakini chembamba kuliko mkato, kwa hiyo bamba la milimita 4 linalokata njia ya milimita 6 linataka kisu cha takriban 4.5 hadi 5. Kifuate mviringo wa msumeno, na usawa wa meza nafasi kati yake na meno isizidi milimita 8. Kwa msumeno wa milimita 600 au zaidi, kisu kiinuke angalau milimita 225 juu ya meza. Zima injini, msumeno usimame kabisa, kisha chukua kipande cha nondo ya milimita 8. Kikipita kwa ulaini kati ya meno na kisu, kisu kimekaa mbali. Hapo ndipo wengi wanapokosea: kila msumeno unaponolewa unapungua kipenyo, nafasi inapanuka, na kisu kinabaki pale kilipofungwa siku ya kwanza. Dalili za kubanwa ni harufu ya mbao kuungua, injini kuzidiwa, na michirizi ya meno ya nyuma kwenye uso wa mbao. Ukiziona hizo na kisu kipo, kisu hicho ni pambo.

Je, kisu kinahitaji hesabu ya gharama? Kwa kweli hapana, na hili ndilo jambo linalowashangaza watu. Kinga inayotambuliwa kuwa utaratibu mzuri wa kazi hiyo inatekelezwa kwanza, na mjadala wa pesa unaanza juu yake. Kisu, kifuniko cha msumeno, kifuniko cha mkanda na fimbo ya kusukumia kwa milimita 300 za mwisho za mbao ni sakafu, yaani kiwango cha chini kisichojadiliwa. Anayekuja na majedwali kuthibitisha kwamba hahitaji kisu ameanza upande usio wake.

Hata hivyo tupige hesabu, ili uone ukubwa wa tofauti. Namba ninazotumia ni za kudhania, weka zako. Tuseme benchi lisilo na kisu litamjeruhi mtu vibaya mara moja kila miaka 10, na madhara ya jeraha hilo tunayapa thamani ya shilingi milioni 40. Kwa miaka 5 ya maisha ya kisu, madhara yanayotarajiwa ni nusu ya jeraha moja, yaani milioni 20. Kisu kikiondoa robo tatu, faida ni milioni 15. Fundi wa kuchomelea atachukua 150,000, na muda wa kukirekebisha kila msumeno unapobadilishwa tuupe 100,000 kwa mwaka. Jumla kwa miaka 5 ni 650,000. Ukikosea makadirio ya hatari hata mara kumi, jibu halibadiliki.

Hiyo milioni 40 inahitaji neno. Watu huchukua kiasi ambacho Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ungelipa na kukiita thamani ya jeraha. Hapana. Fidia hufuata mshahara na kanuni za mfuko, na mshahara mdogo ungefanya mkono wa kibarua uonekane rahisi kuliko mkono wa meneja. Thamani inayopimwa ni ya kuzuia madhara: maumivu, miaka ya kazi iliyopotea, familia. Mamlaka ya usalama ya Uingereza ilipotoa mwongozo wake mwaka 2001 ilitumia takriban pauni milioni 1 kwa kifo kimoja kilichozuiwa, bila kujali aliyekufa alilipwa nini. Mwongozo huohuo uliweka dari ya hatari ya kifo kwa mfanyakazi: 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Juu ya dari hiyo hoja ya gharama karibu haisikilizwi, bali kazi inasimama hadi hatari ishuke.

Kazi ngumu inaanza baada ya sakafu kukamilika. Tuseme kisu, vifuniko na fimbo vipo, na jeraha baya sasa linatarajiwa mara moja kila miaka 40. Mtu anapendekeza kuliondoa benchi na kununua mashine ya msumeno wa mkanda, ambako gogo limefungwa na opereta anasimama pembeni. Bei milioni 45, maisha miaka 15. Madhara yanayotarajiwa kwa benchi la sasa katika miaka hiyo ni 15 gawanya kwa 40, zidisha milioni 40, sawa na milioni 15. Mashine mpya ikiondoa asilimia 80, faida ni milioni 12. Gharama ni karibu mara nne ya faida. Mwenye kiwanda anafunga daftari.

Asifunge bado. Gharama inayoingia kwenye mizani ni ile inayobaki baada ya kutoa kile ambacho kinga yenyewe inarudisha. Msumeno wa mkanda unakata njia ya milimita 2 au 3, wa duara 6. Kwa kila mkato gogo linabaki na milimita tatu au zaidi ambazo zamani zilikuwa vumbi. Tuseme hizo zinaleta milioni 1.5 kwa mwaka, yaani milioni 22.5 kwa miaka 15. Gharama halisi inashuka hadi milioni 22.5 dhidi ya faida ya milioni 12, chini kidogo ya mara mbili.

Je, mara mbili ni "mbali mno"? Sheria haijaweka namba. Katika uchunguzi wa hadhara wa kituo cha nyuklia cha Sizewell B, Uingereza, ilipendekezwa kwamba kwa hatari za wafanyakazi gharama inaweza kufika hadi mara tatu ya faida kabla ya kuitwa imezidi mno, na kwa umma mara mbili hatari ikiwa ndogo hadi kumi ikiwa kubwa. Huo si mstari wa kisheria, lakini kwa kipimo hicho mashine ya mkanda haikwepeki kirahisi. Jaribu pia kugeuza dhana moja: kama jeraha ni kila miaka 20 badala ya 40, faida inakuwa milioni 24 na swali limekwisha. Jibu likigeuka kwa dhana moja tu kusogea, mashaka hayo ni ya kumlinda mfanyakazi, si ya kumpa nafuu mwajiri.

Kwa upande mwingine, usiruhusu mtu ajaze gharama. Rangi mpya ya banda, jengo la kifahari na jenereta kubwa kuliko inayohitajika si gharama za usalama. Saa za kusimama uzalishaji zinahesabika, lakini kama kazi ya kufunga mashine inaweza kufanyika masika, barabara za porini zikiwa tope na magogo hayaingii, basi hazifiki zile unazozidai.

Anayeanzisha kiwanda leo ana hesabu tofauti kabisa. Kama benchi jipya ni milioni 15 na mashine ya mkanda milioni 45, kwake gharama ya usalama ni tofauti tu, milioni 30, na akitoa ile milioni 22.5 ya mbao anabaki na 7.5 dhidi ya faida ya milioni 12. Hana hoja. Ndiyo maana kinga ambayo jirani mwenye benchi la zamani anaweza bado kuibishania, kwa mnunuzi mpya ni lazima. Na jirani naye, siku ekseli ya benchi lake ikifika mwisho, anasimama pale aliposimama mnunuzi huyo, na hesabu yake ya zamani haimfai tena.