Je, wajua kwa nini sura ya pili haimo kwenye ikisiri?

"Tasnifu yangu ina kurasa 94 na kongamano linataka ikisiri ya maneno 250. Nipunguze kila sura kidogo kidogo, ama kuna sura naweza kuacha kabisa?"

Kuna ya kuacha kabisa, na ya kwanza ni ile iliyokutoa jasho kuliko zote: sura ya pili, mapitio ya maandishi. Haipati hata sentensi moja. Tatizo linabaki na sentensi mbili, mbinu mbili au tatu, maana ya matokeo sentensi mbili za kufungia. Nafasi kubwa kuliko zote, wakati mwingine karibu nusu ya maneno yote, inakwenda kwa matokeo.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa tofauti. Nilipoomba nafasi katika kongamano moja hapa Nairobi, nilichukua yale maneno 250 nikayagawa kwa sura tano, kila sura maneno 50, kama mama anayegawa chapati ili watoto wasigombane. Nilijiona mwerevu. Ikisiri ilikataliwa, na mhakiki aliacha mstari mmoja tu: "Mtafiti alipata nini?" Nilikasirika, maana matokeo yalikuwemo, tena yalipata fungu lao sawa na wengine. Wiki moja baadaye, hasira zikiwa zimepoa, niliyasoma upya. Nilikuwa nimeandika kwamba kulikuwa na tofauti kubwa kati ya makundi mawili, na kwamba matokeo hayo "yatajadiliwa kwa kina". Kwa kifupi, nilikuwa nimemwambia mhakiki kwamba nilipata kitu, na kwamba nitamwambia siku nyingine ni kitu gani.

Kosa hilo lilianzia kwenye picha niliyokuwa nayo kichwani. Nilidhani ikisiri ni kama picha ya harusi iliyopunguzwa ili ienee kwenye kioo cha simu: bibi harusi yupo, keki ipo, hata mjomba aliyesinzia kule nyuma yupo, ila wote wamekuwa wadogo. Utafiti haukubali kupunguzwa hivyo. Afadhali ufikirie kuhama. Unatoka nyumba ya vyumba viwili Umoja, unakwenda bedsita Roysambu, na pikapu itafanya safari moja tu. Hakuna anayeshika msumeno akakata theluthi ya kitanda, theluthi ya kabati na theluthi ya jiko ili kila kitu kipate haki yake. Kitanda kilichokatwa theluthi ni kuni. Unachofanya ni kuchagua: kitanda kinapakiwa kizima, jiko linapakiwa pamoja na mtungi wake wa gesi, na kabati la vyombo vya wageni linaachiwa jirani bila majadiliano marefu.

Kwenye ikisiri, kitanda ni sentensi moja ya matokeo. Hebu tuitazame kwa karibu. Nitatumia utafiti wa kubuni, na tarakimu zake nimezitunga mwenyewe ili hesabu ionekane, kwa hiyo usizinukuu popote. Tuseme mtafiti wa afya ya jamii anataka kujua kama maji yanayouzwa kwenye vioski vya Mukuru huchafuka kioskini au nyumbani. Anachukua sampuli bombani wakati mteja anachota, kisha nyingine nyumbani kwa mteja huyohuyo asubuhi inayofuata. Kaya ni 150. Tasnifu yake ina majedwali 11, na humo mna sabuni, kipato, elimu ya mama, bei ya mtungi na kuhara kwa watoto.

Toleo la kwanza la sentensi yake huwa hivi: "Maji ya nyumbani yalikuwa machafu zaidi kuliko ya kioskini (`P < 0.05`)." Inasikika ya kisomi. Lakini hiyo `P` inasema tu kwamba tofauti kama hiyo si rahisi kuitupia bahati nasibu. Haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani. Ukipima sampuli nyingi vya kutosha, hata asilimia 13 dhidi ya 12 itapata `P` ya kupendeza.

Basi anaongeza asilimia: 46 nyumbani, 12 kioskini. Sasa ukubwa unaonekana, ila asilimia bila idadi ni jiko bila mtungi wa gesi. Kaya 6 kati ya 13 nazo ni asilimia 46, na hakuna anayebadilisha sera ya maji kwa sababu ya kaya 6. Toleo la tatu ndilo linalosimama: sampuli 18 kati ya 150 kioskini, 69 kati ya 150 nyumbani. Akitaka kuingiza tofauti ya vyombo vya kuwekea maji nyumbani, anafanya vivyo hivyo kwa kila kundi, kisha anaongeza kipimo cha mashaka, yaani tofauti halisi inaweza kuwa ndogo kiasi gani au kubwa kiasi gani. Mwongozo wa CONSORT wa ikisiri, uliotolewa mwaka 2008, unadai mambo hayohayo: matokeo ya kila kundi, ukubwa wa tofauti, na mashaka yaliyomo. Uliandikwa kwa ajili ya majaribio ya tiba ambamo washiriki hugawanywa kwa nasibu, kwa hiyo mtafiti wetu wa vioski halazimiki kuufuata. Angeuazima hata hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kutosema "yatajadiliwa", nayo ilinishangaza nilipoikuta. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalifuatilia ikisiri zaidi ya 300,000 za makongamano ya tiba na afya. Zilizokuja kuchapishwa kama makala kamili zilikuwa kama asilimia 37. Zilizobaki, hicho kikaratasi ndicho kilichosalia hadharani. Hizo ni takwimu za sayansi ya tiba, na nyanja nyingine huenda zina mwendo wake, lakini mtu anayetafuta data miaka kumi baadaye hawezi kujumlisha "tofauti kubwa" na "tofauti kubwa" akapata jibu.

Utangulizi ndio unaolipia nafasi hiyo. Ikisiri nyingi za maji hapa kwetu huanza na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya maji safi. Ni kweli, na ni kifungu kizuri, lakini wahakiki wa kongamano la afya ya umma wanakijua, na kimeshakula maneno 20. Kinachohitajika ni pengo tu: nini hakijulikani, na wewe ulikwenda kutafuta nini.

Kwenye mbinu, baki na nani, walichaguliwaje, ulipima nini, lini. Programu ya takwimu, fomula ya ukubwa wa sampuli na idadi ya maswali ya hojaji vinaachiwa jirani. Namba ya leseni ya utafiti ya NACOSTI pia, isipokuwa waandaaji wameiomba. Neno ambalo watu hulitupa na halitupwi ni "kwa nasibu", au ukweli kwamba haikuwa kwa nasibu. Mhakiki asipoliona hudhani kaya zilikuwa za marafiki wa mtafiti, na mara nyingine hakosei kudhani hivyo.

Yale majedwali mengine je? Hapa uchaguzi una mtego. Pikapu ikijaa, mkono huenda kwenye kinachong'aa. Jedwali la sabuni limetoa namba tamu, swali kuu limetoa jibu la kuchosha, na mtu anaanza kuandika kana kwamba alitoka nyumbani kutafuta sabuni. Mwaka 2010 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa majaribio 72 ambayo matokeo yake makuu hayakuonyesha tofauti ya kitakwimu. Hitimisho la ikisiri lilikuwa limepambwa, kwa kukazia jambo lingine au kudai manufaa, katika 42 kati ya hayo, asilimia 58. Dawa yake ni pendekezo lako la utafiti, lile lililopitishwa kabla hujakusanya data. Swali lililo juu mle ndilo linalopanda pikapu, hata jibu lake likiwa "hatukuona tofauti". Sabuni inaweza kupata ikisiri yake.

Ukimaliza kuchagua, ile tasnifu inakuwa hivi:

"Katika mitaa yenye vioski vya maji, haijulikani vyema kama maji huchafuka kioskini au yakishafika nyumbani. Tulilinganisha maji yaleyale katika sehemu hizo mbili. Tulichagua kaya 150 kwa nasibu kutoka kwa wateja wa vioski sita, tukachukua sampuli bombani na nyingine nyumbani asubuhi iliyofuata, na kupima vijidudu vya kinyesi katika mililita 100. Vilipatikana katika sampuli 18 kati ya 150 za kioskini (12%) na 69 kati ya 150 za nyumbani (46%). Kati ya kaya 90 zenye mitungi ya mdomo mwembamba, 27 (30%) zilikuwa na maji machafu; kati ya kaya 60 zenye ndoo wazi, 42 (70%): tofauti ya pointi 40 (uhakika wa 95%: 25 hadi 55). Sehemu kubwa ya uchafu iliingia baada ya maji kuchotwa, nao ulihusiana na aina ya chombo. Kwa kuwa tulipima mara moja tu, hatuwezi kusema kwamba kubadilisha chombo peke yake kungepunguza uchafu."

Chukua kalamu ujumlishe kama mhakiki mwenye shaka: 90 na 60 ni 150, 27 na 42 ni 69. Namba zisipokutana, kuna kaya zimepotea njiani na mtu atauliza ziko wapi. Tazama pia "ulihusiana na". Wenye ndoo wazi huenda pia wana watoto wengi wanaochovya vikombe, na kipimo cha siku moja hakiwezi kutenganisha ndoo na vikombe. Sentensi ya mwisho inaonekana kama kujidhalilisha, lakini ndiyo inayomzuia mhakiki asiiandike yeye, kwa maneno makali zaidi.

Haya yote ni ya tafiti zenye vipimo. Katika makongamano ya isimu na fasihi, kama yale ya chama cha Kiswahili, CHAKITA, kitanda ni hoja yenyewe, na wengi hutuma ikisiri uchambuzi ukiwa bado jikoni. Hata huko, "makala hii itachunguza" inaacha swali lilelile la mhakiki wangu.

Ikisiri hiyo ya maji ina maneno 131, na hapo Kiswahili kimetusaidia kimyakimya: "yakishafika" ni neno moja, ambalo kwa Kiingereza lingekula manne. Ukiituma kwa Kiingereza itanenepa, hivyo usijaze nafasi yote kabla ya kutafsiri. Baadhi ya makongamano wameacha kuhesabu maneno, wanahesabu herufi. Kwao "yakishafika" ni 11.