Kubofywa sana si kuuza: posti ya mtengeneza maudhui dhidi ya tangazo la kampuni

Nimeletewa tena ripoti inayotangaza kwamba posti ya mtengeneza maudhui, baada ya kubustiwa, "imelipiga" tangazo la kampuni mara mbili na nusu. Ushahidi wote ni safu moja: `CTR (all)`, yaani asilimia ya mibofyo ya kila aina kwa mara tangazo lilizoonyeshwa.

Safu hiyo kwenye Meta inahesabu kila mguso. Anayelaiki amehesabiwa, na anayebofya jina ili aone huyu dada ni nani amehesabiwa pia. Posti inayotoka kwa jina la mtu huvuta miguso ya namna hiyo kwa wingi, kwa kuwa watu hupenda kumchungulia mtu kuliko nembo. Wanaokwenda dukani wako kwenye `Link clicks`.

Tuchukue mfano. Kila tangazo limepewa bajeti sawa na limeonyeshwa mara 100,000. La mtengeneza maudhui lina mibofyo 3,000, ila iliyofika dukani ni 700, na mauzo ni 14. La kampuni lina mibofyo 1,200, dukani 800, mauzo 20. Mshindi wa ripoti ndiye aliyeuza kidogo, na hapo bado hatujaweka ada aliyolipwa, wala gharama ya kupiga video ya kampuni.

Hata hivyo, sitasema kampuni imeshinda. Kwa mauzo machache hivi, tofauti ya 14 na 20 inaweza kuletwa na bahati tu. Ningeongeza muda kabla ya kumwachisha mtu kazi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu hawajui walichokipima. Posti iliyobustiwa imebadilisha vitu viwili kwa pamoja: video yenyewe, na jina linaloonekana juu yake. Ikifanya vizuri, sifa ni ya kipi? Omba kibali cha maandishi, kisha irushe video ileile kutoka akaunti ya kampuni. Sasa una matangazo matatu. Video yake kwa jina lake ukiilinganisha na video yake kwa jina la kampuni, unapata nguvu ya jina. Video yake na video yenu, zote kwa jina la kampuni, zinakupa nguvu ya video. Lakini posti ya zamani huja na laiki na maoni yake, na nakala mpya huanza mikono mitupu. Kwa hiyo hata hapo jina halijatengwa kabisa, na sijapata njia safi ya kulitenga.

Yote matatu yapitie jaribio la A/B, ili kila mtu aone moja tu. Ukiyaweka kwenye seti moja ya matangazo, mfumo utaielekeza bajeti mapema kwa lile lililoanza vizuri, na mengine hayatapata nafasi.

Kwa Spark Ads za TikTok, yaani matangazo yanayotumia posti ya mtengeneza maudhui mwenyewe, angalia pia muda wa msimbo wa idhini anaokupa. Ukiisha katikati ya jaribio, tangazo linasimama.