Bolti ya puli iliyoganda kwenye jenereta: dhana potofu na ukweli

Jenereta inayozungumziwa hapa ni ile ambayo injini na kichwa cha kuzalisha umeme ni vitu viwili vilivyounganishwa kwa mikanda ya V. Kwenye ncha ya shafti ya kichwa hicho hukaa puli ya chuma cha kusubu. Kii, kipande cha chuma kinachokaa kati ya shafti na puli, ndiyo inayoifanya puli izunguke pamoja na shafti, na bolti moja yenye washa nene huizuia isichomoke. Tuseme bolti ni M10 yenye kichwa cha milimita 17, haijaguswa kwa miaka, na sasa beringi ya mbele inalia na puli lazima itoke. Bolti tutaifungua kwa impakti, mashine ya kufungulia bolti kwa mapigo. Kabla ya yote, zima injini, funga mafuta, toa waya hasi wa betri, kisha vua mikanda.

Dhana: Impakti haihitaji shafti ishikwe.

Dhana hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana imedumu. Ndani ya impakti kuna nyundo inayozunguka na kugonga mhimili wa soketi mara nyingi kwa sekunde. Kila pigo ni kali lakini fupi mno, na rota ya jenereta, yaani sehemu ya ndani inayozunguka na shafti, kwa kuwa ni nzito, haiwahi kugeuka kabla pigo halijaisha. Kwa bolti iliyokazwa kawaida, uzito huo unatosha na bolti hutoka bila mtu kushika chochote.

Kwa bolti iliyoganda hautoshi. Kila pigo huisogeza rota kidogo, na mwendo huo ni nguvu iliyopaswa kwenda kwenye nyuzi za bolti. Baada ya muda utaona puli inazunguka polepole pamoja na soketi. Ukiona hivyo achia kitufe, kwa sababu unachofanya sasa ni kuzungusha jenereta kwa mashine ya gharama.

Dhana: Shika popote, ilimradi kitu kisizunguke.

Hapa ndipo watu huharibu zaidi, kwa hiyo tukae kidogo. Mtu huona feni ya kupozea upande wa pili, anachomeka bisibisi kati ya mapanga yake, kisha anabonyeza. Feni hiyo mara nyingi ni ya aluminiamu au plastiki, na panga moja likivunjika rota huanza kutikisika ikizunguka. Wengine huingiza chuma kwenye matundu ya hewa hadi kwenye rota yenyewe, wakakwaruza vanishi ya waya. Wengine hubana shafti kwa spana ya bomba, na meno yake huacha makovu pale ambapo puli inapaswa kuteleza itoke.

Pa kushika ni puli yenyewe, na kifaa kizuri ni mkanda wa V wa zamani. Uzungushe kwenye mfereji wa puli, ubane ncha zake mbili pamoja kwa koleo la kujifunga, karibu kabisa na ukingo wa puli. Mkanda ukivutwa unazidi kuzama mferejini na kuuma. Koleo liegemee kwenye fremu ya jenereta upande utakaozuia puli isigeuke kinyume cha saa, kwa kuwa huko ndiko bolti ya nyuzi za kawaida inakofunguka. Mpira hunyumbuka kidogo, lakini si tatizo: rota inabeba ukali wa pigo, mkanda unazuia tu mwendo usijikusanye.

La muhimu ni kuondoa ulegevu wote kabla ya kuanza. Vuta puli kwa mkono hadi koleo ligote kwenye fremu, ndipo ubonyeze. Ukiacha nafasi, koleo litaruka na kugonga fremu au vidole vya aliyelishika. Kama puli ina mikono, unaweza pia kupitisha nondo karibu na kitovu, lakini chuma cha kusubu hakipendi kupigwa, nami ningeanza na mkanda.

Dhana: Ukipulizia mafuta ya kulegeza kutu, kazi imekwisha.

Bolti hii haitokezi upande wa pili. Nyuzi zake ziko ndani ya tundu lililozibwa mwisho, na mlangoni kuna washa iliyobanwa. Mafuta unayopulizia juu ya kichwa hubaki hapo. Ili yapenye, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara chache, mapigo mepesi ya moja kwa moja, kisha weka mafuta pembeni mwa washa na uyape muda. Usigonge kwa nguvu, maana pigo hilo linapita kwenye beringi.

Na kama fundi aliyeifunga alipaka gundi kali ya nyuzi, mafuta hayatasaidia kitu. Gundi hiyo hulegea kwa joto, karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Joto lielekezwe kwenye kichwa cha bolti tu, kwa chuma kikubwa cha kulehemu risasi kikiwa kimegusa kichwa, kwa sababu shafti hupeleka joto hadi kwenye grisi na sili ya beringi. Moto wa wazi karibu na tangi la mafuta, au juu ya mafuta ya kulegeza uliyopulizia dakika chache zilizopita, hapana.

Dhana: Ikigoma, endelea kubonyeza hadi ikubali.

Piga sekunde tano hivi, acha, angalia. Kabla ya kuanza, chora mstari wa chaki kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye washa. Mstari ukikatika na kichwa kikaanza kuinuka kutoka kwenye washa, bolti inatoka, na sauti ya mapigo itapungua ukali. Mstari ukikatika lakini kichwa hakiinuki, na soketi inageuka kwa ulaini wa ajabu, bolti inajisokota na iko karibu kukatika. Hapo acha mara moja, urudi kwenye joto na mafuta.

Mstari usiposogea kabisa, usilaumu bolti kwanza. Tazama kilicho kati ya mashine na bolti. Kiungo kirefu hujipinda kama chemchemi na kumeza sehemu ya kila pigo, kiungo cha kupinda humeza zaidi. Soketi iwe fupi, ya pembe sita, ya aina nyeusi ya impakti, kwani zile zinazong'aa zinaweza kupasuka na vipande kuruka, kwa hiyo vaa miwani. Kwa impakti ya hewa, soma presha wakati mashine inapiga: geji ikiwa imetulia kwenye bari 6 inaweza kuanguka sana mpira wa hewa ukiwa mwembamba. Hakikisha pia nyuzi si za kushoto, kwa kusoma kitabu cha mashine au alama kwenye kichwa. Kama ni za kushoto, umekuwa ukiikaza.

Dhana: Bolti ikitoka, puli itafuata.

Haifuati. Kutu iko pia kati ya puli na shafti. Tumia pula ya miguu inayoshika nyuma ya puli, na kati ya skrubu yake na ncha ya shafti weka kipande cha chuma ili tundu la nyuzi lisiharibike. Kubenua kwa bari dhidi ya kifuniko cha aluminiamu hukivunja.

Wakati wa kurudisha, impakti ibaki pembeni. Safisha nyuzi, weka bolti mpya ya daraja lilelile, ukaze kwa spana ya kupima nguvu kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwa M10 ya daraja 8.8 iliyo kavu, kwa kawaida ni karibu Nm 45 hadi 50, kiasi ambacho impakti kubwa huweza kukipita kabla hujaachia kitufe.