Simu Ikinyakuliwa Kibuye: Laini Mpya Haimtoi Mwizi WhatsApp

Jumapili, soko la Kibuye, Kisumu. Mama muuza mitumba ananyakuliwa simu ikiwa wazi mkononi, na kila kibanda kina ushauri wake. Mwingi ni nusu ukweli.

"Badilisha laini tu, kila kitu kitajifunga."

Laini ibadilishwe, tena upesi, ili SMS zenye namba za uthibitisho zisimfikie mwizi. Lakini WhatsApp ikishasajiliwa haihitaji laini. Simu ikipata waifai, mwizi anaendelea kuwaomba wenzako wa chama pesa kwa jina lako. Kinachomtoa ni wewe kusajili namba ileile kwenye simu nyingine.

Tuseme mama huyo amepata laini mpya, akaingiza namba sita za SMS, kisha WhatsApp ikamdai PIN asiyoijua kwa sababu mwizi aliwahi kuiweka. Itambidi asubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN. Hapa wengi hukata tamaa wakidhani mwizi bado yumo. Hayumo: alitolewa pale zile namba sita zilipokubaliwa.

"Badilisha nywila ya Gmail, simu zote zitatoka."

Si zote. Google huviacha vifaa unavyotumia kuthibitisha kwamba ni wewe unayeingia, na simu iliyoibiwa huenda ndiyo mojawapo. Itoe mwenyewe: Security, Your devices, ichague, Sign out.

Ila usianzie hapo. Ukishaitoa kwenye akaunti, Find Hub, huduma ya Google ya kusaka simu iliyopotea, haiwezi tena kuitafuta wala kuifuta. Tangulia google.com/android/find, uifunge kioo, kisha uamuru ifutwe. Kama imezimwa, amri hungoja hadi iingie mtandaoni, na kadi ya kumbukumbu iliyo ndani yake inaweza isiguswe. Ikishafutika, au ukikata tamaa nayo, ndipo uitoe. (Na ukimaliza, toka pia kwenye kompyuta ya saiba. Watu husahau.)

"Nimefuta jumbe kwenye simu mpya, basi zimefutika."

Kwa WhatsApp, hapana. Jumbe zimehifadhiwa ndani ya simu yenyewe, kwa hivyo picha ya kitambulisho uliyoifuta kwenye simu mpya bado imo katika ile ya zamani. Dawa yake ni kufuta simu nzima kama tulivyoona.

Telegram ni tofauti, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida hukaa kwenye seva. Ukiyafuta kwingine, yanatoweka pia kwenye simu iliyoibiwa ikiingia mtandaoni. Kuiondoa simu hiyo, nenda Settings, Devices, Terminate all other sessions. Kikwazo ni kwamba kifaa kilichoingia sasa hivi hakiruhusiwi kuvitoa vingine mpaka saa 24 zipite. Kama kuna kompyuta nyumbani au kazini ambayo Telegram yako ilikuwa wazi tangu zamani, fanyia huko.